Utani Umegoma: Kutafuta Palipokatika Kati ya Bibi na Mjukuu

Mama yangu ana miaka 74 na anaishi nasi hapa Tanga. Wanangu ni wawili, binti yuko kidato cha tatu na kijana kidato cha kwanza. Kwa mila zetu bibi na mjukuu ni watani tangu mtoto anapozaliwa. Baba na mama wanaheshimiwa, mkwe anaonewa haya, lakini bibi anataniwa na anatania. Nilidhani wakiwa chini ya paa moja kicheko kitakuja chenyewe. Miezi ya mwanzo haikuwa hivyo. Bibi alitoa mzaha, watoto wakatabasamu kwa adabu. Watoto walitoa wa kwao, bibi akauliza nani ameumia.

Nilichojifunza tangu hapo ni kwamba mzaha uliogoma una sababu, na sababu hiyo huonekana usoni mwa aliyesikiliza kabla hajasema neno. Ndiyo maana napanga maelezo haya kwa dalili. Ukiona dalili, uliza mambo matatu kwa mpangilio huu: je, mzaha umesikika? Je, umeeleweka? Je, una ruhusa? Anza na la kusikika, kwa sababu kulipima ni dakika moja na wengi hulisahau. La ruhusa liwe la mwisho, maana ndilo zito, na ukilikimbilia kabla ya mengine utaanza kugombana na mtu ambaye shida yake ni sikio tu.

Dalili: "Umesemaje?", au anacheka kwa kuchelewa, baada ya kuwaangalia wengine

Huyu hajasikia. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowasumbua katika maisha ya kila siku. Na sikio la uzeeni halipotezi sauti zote kwa pamoja. Kwa kawaida hutangulia sauti nyembamba, zile za juu, na humo ndimo zilimo s, f na sh. Irabu zinabaki zikisikika vizuri. Kwa hiyo mzee anakwambia kwa haki kabisa kwamba anakusikia, ila hakuelewi: amepata mwili wa neno, kingo zake zimepotea.

Sasa fikiria namna kijana anavyotoa mzaha. Anaanza kwa sauti, anaongeza kasi, na akifika kwenye neno lenyewe la kuchekesha, sauti inashuka kwa sababu ameshaanza kucheka. Neno moja lililobeba mzaha wote linamezwa. Kwa wenzake si kitu, wanalikisia. Bibi hana cha kukisia, na feni inazunguka, na runinga inaongea.

Kipimo chake ni hiki. Mwambie kijana azime runinga, akae mbele ya bibi karibu hatua moja, uso uonekane, arudie mzaha ule ule bila kubadilisha neno, na neno la mwisho alitoe taratibu na kulimaliza kabla ya kucheka. Bibi akicheka, tatizo lilikuwa sikio, na usihangaike na mambo ya vizazi. Asipocheka, nenda dalili inayofuata. Asipige kelele, maana kupiga kelele hukuza irabu ambazo tayari zinasikika, hakuzirudishi zile s na f, na uso wa mtu anayepiga kelele unafanana na uso wa mtu mwenye hasira. Nani atacheka mbele ya uso huo?

Kama hali imebadilika ghafla, ndani ya wiki chache, mpeleke kituo cha afya waangalie kama sikio limeziba kwa nta. Msimchokonoe kwa vijiti vya pamba nyumbani, vinaisukuma nta ndani zaidi.

Dalili: tabasamu la adabu, kisha macho yanarudi kwenye simu

Hili ni la vijana, na ndilo nililoliona mara nyingi zaidi. Kijana amesikia kila neno. Amejua pia kwamba pale mwisho ndipo alipotakiwa acheke, akatoa tabasamu kama mtu anayelipa nauli. Kinachokosekana ni kitu ambacho mzaha ulikuwa unakiegemea.

Kila mzaha unaegemea kitu ambacho msikilizaji anakijua tayari. Chukua kitendawili hiki: "Nina watoto watatu, mmoja akiondoka wawili waliobaki hawana kazi." Jibu ni mafiga. Kwa aliyepika kwa kuni, picha inakuja pale pale, chungu kinakaa juu ya mawe matatu, ukiondoa moja kinamwagika. Binti yangu amekulia kwenye jiko la gesi. Nilipomwambia jibu alisema, "Aaa, sawa," na sauti ile ya "sawa" ilinitosha kujua kwamba hakuna chungu kilichomwagika kichwani mwake.

Kosa ambalo wengi wetu tunalifanya hapo ni kueleza baada ya mzaha. Mzee anasema, "Mafiga ni mawe matatu, zamani tulikuwa tunapika hivi na hivi," na kijana anaitikia, na mzaha umeshageuka somo. Maelezo yanafaa, ila mahali pake ni kabla. Kitu kinachoegemewa kiingizwe mapema, kwa njia nyingine, dakika tatu au siku tatu kabla, ili mzaha ukija ukikute kipo.

Nieleze kisa kimoja kwa kirefu, maana hapa ndipo penye ufundi. Baba mkwe wangu, babu yao watoto, ana mzaha anaoupenda wa miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, sukari, sabuni na nguo zilipoadimika nchini. Mtu anapita, anaona foleni ndefu, anajiunga. Anasimama kwa muda wa saa tatu. Anafika mbele, anamuuliza aliyetangulia, "Hapa panauzwa nini?" Yule anajibu, "Hata sijui ndugu yangu. Mimi nilisimama kufunga kamba ya kiatu, kugeuka nikakuta mko nyuma yangu."

Wazee wakiusikia huu wanashika mbavu. Watoto wangu waliusikia mara mbili bila kucheka. Sababu si kwamba hawajui foleni, foleni wanazijua. Wasichokijua ni ile hali ya kujiunga na foleni bila kujua mbele kuna nini, ukiamini kwamba chochote kitakachokuwepo utakihitaji. Kwao mtu wa kwenye mzaha ni mjinga, na ujinga peke yake hauchekeshi sana. Kwa babu, mtu yule ni yeye mwenyewe.

Mara ya tatu tulifanya tofauti. Asubuhi nilimwomba babu awasimulie, bila mzaha wowote, siku aliyosimama foleni akitaraji sukari akarudi na viatu viwili vya mguu mmoja, akavichukua hivyo hivyo, akitumaini atampata jirani mwenye vya mguu wa pili. Watoto waliuliza maswali mengi: mlijuaje? Kwa nini usikatae? Babu akajibu, "Ukikataa, wa nyuma yako anachukua." Jioni, wakati wa chai, akautoa ule mzaha wa kamba ya kiatu. Kijana alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Maneno ya mzaha hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kwamba safari hii foleni ilikuwa na watu wanaoeleweka.

Mzaha ukiwa umeegemea kitu ambacho huwezi kukileta hata kwa simulizi, jaribu kuuhamisha. Kamba ya kiatu inaweza kufungwa kituo cha basi asubuhi ya Jumatatu, na bado ikafanya kazi. Lakini ujue kuna mizaha isiyohamishika. Inayochezea neno lililokufa, au sauti ya mtangazaji wa redio wa wakati ule, iache kwa wazee wenyewe wachekeane. Si kila kitu lazima kigawanywe.

Dalili hii hii huwapata wazee pia kwa upande wao, ila kwao huja kama swali: "Maana yake nini?" Maneno ya mtaani hubadilika haraka, na mzaha wa kijana mara nyingi unaegemea video ambayo wenzake wote wameiona juzi. Kipimo ni rahisi. Mwombe kijana ausimulie mzaha wake bila kutumia neno lolote ambalo bibi hawezi kulitumia. Ukibaki unachekesha, mpe bibi. Ukiisha kabisa, basi ulikuwa mzaha wa kundi lake, na hakuna ubaya wowote ukibaki huko.

Dalili: "Nani amekufa?"

Hii ni ya kundi la familia kwenye simu na inaisha haraka ukiijua. Usiku mmoja mwanangu alituma video ya baba yake mdogo akimkimbiza jogoo aliyeingia jikoni. Binamu zake wakajibu kwa picha za fuvu, moja baada ya nyingine. Kwa vijana fuvu ni "nimekufa kwa kucheka". Mama alikuwa kwa dada yangu Muheza wiki ile, akanipigia saa nne usiku, sauti inatetemeka, kuuliza msiba ni wa nani.

Kosa halikuwa la yeyote. Mafuvu sita mfululizo chini ya picha ya mtoto wako ni taarifa mbaya kwa mtu aliyezika wengi. Tuliweka kanuni mbili tu. Kwenye kundi lenye wazee fuvu halitumiki, anayetaka kucheka aandike "mbavu zangu!", kwa sababu Kiswahili kimekuwa kikivunja mbavu kwa kucheka tangu kabla ya simu, na bibi analielewa bila mkalimani. Na mzaha unaomwendea bibi utumwe kwa sauti, usiandikwe. Sauti ina kicheko ndani yake, kwa hiyo anajua mapema kwamba anachekeshwa.

Dalili: uso umekunjwa, au kijana ameinama kwa aibu

Hapa mzaha umesikika na umeeleweka. Kilichokosekana ni ruhusa.

Mama alizoea kumwita mwanangu "mume wangu". Ukimsalimia "Shikamoo bibi," anaitikia, "Marahaba mume wangu, umeniletea nini leo?" Binti anamwita "mke mwenzangu" na kumlalamikia kwamba anamwibia bwana. Mimi nimekua na maneno hayo. Mwanangu, siku aliyoitwa hivyo mbele ya rafiki zake wawili wa darasani, aliingia chumbani na hakutoka mpaka wameondoka.

Tulikaa naye. Kumbe hakuwahi kuambiwa kwamba huu ni mchezo wenye pande mbili. Alikuwa anaupokea kama kauli, akidhani kazi yake ni kuvumilia. Mtani asiyejua kujibu ni mtu anayechapwa. Nikamfundisha majibu machache ambayo mimi nilifundishwa na bibi yangu: "Mke wangu, mbona hujapika?" "Nimekuoa kwa mahari ya deni, usinidai." Na la kumaliza mchezo: "Leo nimekupa talaka moja." Wiki iliyofuata bibi alipomwita, kijana akajibu kwamba amesikia mkewe ana mchumba mwingine Muheza. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile nyumba ilibadilika, na kama ningeambiwa nichague jambo moja tu katika haya yote ningechagua hili: mfundishe kijana kujibu.

Kuna mipaka, na niiseme waziwazi. Utani huu ni wa maneno, unafanyika barazani mbele ya watu. Mtoto akisema hataki kuitwa mke wa babu, aachwe pale pale, bila kuambiwa kwamba hana adabu wala kwamba amepotoshwa na mjini. Tunawafundisha watoto waseme pale wanapoona vibaya, na hatuwezi kuwafundisha hivyo kisha tukawacheka wakisema.

Ruhusa pia inategemea nani yupo. Bibi na mjukuu wanaweza kutaniana mambo ambayo, mama mkwe au mwalimu akiingia, hayasemeki tena. Vijana wengi hawalijui hili kwa sababu kwenye simu hakuna anayeingia. Wao huona bibi alicheka jana, leo anakemea mzaha ule ule, wakasema bibi hatabiriki. Angalia mlangoni. Mara nyingi kuna mtu ameingia.

Halafu kuna utani wa makabila, ambao una hatari yake. Wanyamwezi na Wazaramo, Wangoni na Wahehe, Wapare na Wachaga: utani huu umetokana na safari za biashara, ujirani na hata vita vya zamani, na kazi yake imekuwa kuwafanya watu waliogombana waseme lolote bila kugombana tena. Msibani mtani ana haki ya kumkejeli marehemu, na wapo wanaoingia kaburini wakagoma kutoka mpaka walipwe. Binti yangu aliliona hilo mara ya kwanza akiwa na miaka 12 na akalia kwa hasira, akidhani yule mzee amelewa. Ilitosha kumwambia njiani, kabla ya kufika, kwamba mtani atakuja na atafanya vituko, na kwamba familia inamsubiri. Kimya chetu ndicho kilichomuumiza.

Lakini utani huo hauna ruhusa nje ya watani wenyewe. Babu mmoja wa hapa mtaani alimtania mgeni wa wajukuu zake, msichana kutoka Nakuru, kwa kabila lake, kama anavyowatania watani wake kila siku. Msichana alinyamaza mpaka jioni. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na Bonde la Ufa, ambako Nakuru iko, lilikuwa katika maeneo yaliyoumia sana. Huko kuulizwa kabila lilikuwa swali la kufa na kupona. Sentensi moja, kwa babu ni ukarimu, kwa mgeni ni kitisho. Kabla ya kutania kabila, hakikisha huyo ni mtani wako kweli. Kama hujui, hana utani na wewe.

Dalili: zamani alicheka, siku hizi hacheki

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mtafute aliyerekodi.

Bibi anacheza, au anatamka vibaya neno la Kiingereza, mjukuu anachukua video, nyumba nzima inacheka, na bibi naye anacheka. Siku mbili baadaye muuza samaki anamwambia bibi, "Nimekuona unavyocheza!" Bibi hakukubali kuchekwa na muuza samaki. Alikubali kuchekwa na mjukuu wake, sebuleni. Mara nyingi hatalalamika, atapunguza tu. Hatacheza tena, hatajaribu neno tena, na watoto watasema amezeeka.

Dawa yake haina njia ya mkato. Video ifutwe, na aliyeituma aende mwenyewe kwa bibi aseme, "Bibi nilikosea, nimefuta, sitatuma bila kukuuliza." Kisha kusubiri. Kwa jirani yangu mmoja ilichukua karibu miezi miwili. Na wazee nao wajue kwamba kosa hili lina upande wa pili: kumsimulia shangazi kwenye simu kwamba mjukuu alikojoa kitandani mpaka darasa la nne, huku mjukuu anasikia, ni kumrusha hewani vile vile.

Kinachowachekesha wote wawili

Ukishaondoa vizuizi hivyo bado unahitaji mahali pa kuchekea. Kwa nilivyoona, sehemu mbili hazichoki.

Ya kwanza ni mji wa kitendawili. Wengi wanakumbuka kitendawili na kusahau mji, na mji ndiko kwenye kicheko. Anayetega anasema "Kitendawili!" wanaitikia "Tega!" Anatega. Wakishindwa, anadai: "Nipeni mji." Wanampa, labda Tabora. Anaweza kuukataa, "Tabora sitaki, mbali," mpaka apate unaompendeza. Akiukubali, hatoi jibu mara moja. Kwanza anasimulia alivyokwenda katika mji ule: alivyopokewa, alivyolishwa, na watu wa huko walivyomuulizia yule aliyeshindwa, na yeye akawajibu nini.

Hapo ndipo vizazi viwili vinapokutana bila kulazimishwa. Kijana wa leo anapenda sana mashindano ya kukejeliana, na mji unampa ruhusa ya kumkejeli bibi kwa mpaka unaojulikana: umeshindwa, nimekwenda mji wako, natamba, nakupa jibu, imekwisha. Bibi anaujua mchezo kuliko yeye. Mzaha ni mfupi, uko ana kwa ana, na unaegemea mambo ya nyumba ile ile, kwa hiyo sikio, maana na ruhusa vyote vimeshatatuliwa kabla hamjaanza.

Chagua vitendawili ambavyo jibu lake bado liko ndani ya nyumba. "Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni," kikombe, kipo mezani. "Nyumba yangu haina mlango," yai, lipo kapuni. Na waache vijana watunge vyao. Binti yangu alitega hiki: "Mlinzi wangu hafungui mlango mpaka anione uso." Jibu lake ni simu. Mama alijibu bila kusita: "Mama mkwe!" Tulibishana robo saa nzima kama jibu la bibi si bora kuliko la mtungaji.

Sehemu ya pili ni mtu wa katikati. Bibi na mjukuu wana mtu mmoja wanayemjua vizuri, kila mmoja kwa upande wake, yaani mzazi, shangazi au baba mdogo. Kwa mjukuu ni mtu mzima anayetoa amri. Kwa bibi ni mtoto aliyemuogesha. Tofauti hiyo peke yake inachekesha, na haihitaji kamusi yoyote. Tumejiwekea masharti: kisa kiwe cha utotoni, kabla ya miaka 12 au karibu na hapo. Kisihusu ndoa, fedha wala ugonjwa. Na mhusika awepo, ili aweze kujitetea. Akiwa hayupo, kisa hicho ni umbea.

Jumamosi moja mdogo wangu, yule wa jogoo, alikuwa amekuja. Tulikuwa barazani, umeme umekatika, na hiyo ilisaidia kwa sababu runinga na simu zilinyamaza zote. Bibi alitega kitendawili cha kikombe, kijana akashindwa kwa makusudi, nadhani alitaka kusikia safari. Akampa bibi mji wa Pangani. Bibi akaukubali, akakohoa kidogo, akaanza.

"Nimekwenda Pangani, nimefika jioni. Wamenipokea kwa nazi na samaki wa kupaka. Wakaniuliza, 'Bibi, yule mwanao mdogo yu wapi, yule aliyekuja hapa na miaka saba, akaogopa kivuko?' Nikawaambia yupo, ana ndevu sasa. Wakasema, 'Yule aliyeshika mguu wa punda wa watu, akamwambia punda: twende nyumbani kwa miguu mimi na wewe?' Nikasema ndiye huyo huyo, na siku hizi ana gari."

Baba mdogo akasema, "Mama, yule punda alikuwa mkubwa sana."

"Alikuwa mtoto wa punda," bibi akasema.

Kijana wangu alikuwa amelala chali sakafuni anapiga ngumi mkekani. Binti alijaribu kuuliza kitu akashindwa, kila akifika kwenye neno punda sauti inakatika. Alipoweza, alisogea mpaka mbele ya bibi, uso kwa uso kama tulivyofundishana, akasema taratibu, "Bibi, na punda alijibu nini?"

Mama akamtazama mwanawe, akamtazama mjukuu wake. "Alikubali," akasema. "Walifika saa mbili usiku."